Maabara imeandika "kawaida", daktari wa mifugo anasema tezi imezidi, nimsikilize nani?

BARUA

Shikamoo Daktari. Mimi msomaji wako wa Ujiji, jina naomba usiweke. Nina paka jike anaitwa Chausiku, ana miaka 13 hivi, kazaliwa hapa hapa nyumbani na alishafungwa kizazi. Tangu mwaka jana anakula kupita kiasi, bakuli la dagaa dakika mbili limeisha karudi kulia tena, lakini anakonda tu, kutoka kilo 4 na kitu mpaka kilo 2.8. Usiku halali, anazunguka nyumba anapiga makelele, mara anatapika. Dawa ya minyoo nimempa haikusaidia kitu.

Daktari wa mifugo kamshika shingo kasema kuna kivimbe na moyo unakimbia sana, akamtoa damu, na kwa vile maabara ya wanyama hatuna karibu damu ikapelekwa maabara ya watu. Majibu ndo haya: T4 ya jumla 112 nmol/L, pembeni wameandika kiwango ni 66 mpaka 181, wakagonga "kawaida". Kreatinini 95, kawaida pia. Sasa daktari anaangalia karatasi hiyo hiyo anasema tezi imezidi, nimpe vidonge vya kabimazoli vya duka la dawa la watu au nimpeleke Morogoro akatolewe tezi.

Mume wangu anasema karatasi inasema paka mzima, huyo daktari anataka hela. Mama anasema hilo ni rovu kama la wazee wa zamani, nimwekee chumvi ya madini joto tu litaisha. Kaka yangu yuko Uingereza anasema kule paka anachomwa sindano moja ya madini joto kapona, sasa si ndo yale yale ya mama? Alafu nina mimba ya miezi minne na hela tunaweka za kujifungua. Naogopa kuonekana sina akili namlilia paka, lakini siwezi kukaa namwangalia anaisha. Nifanyeje?

Mwenye Chausiku, Ujiji

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hicho kiumbe tumboni. Kuhusu kuonekana huna akili hilo liache, paka aliyekaa na watu miaka 13 ni mtu wa nyumba, na wanaoniandikia habari za ng'ombe nao wanalia tu ila hawasemi.

Nianze na karatasi maana naona ndo imewagombanisha nyumbani. Umeipokea kama vile maabara na daktari wako wanabishana, mmoja anasema mzima mwingine anasema mgonjwa. Mimi nikiisoma sioni ubishi. Mashine imepima thairoksini, homoni inayotengenezwa na tezi ya shingo, ambayo ndo hiyo T4, ikapata 112, na namba hiyo inawezekana kabisa ni sahihi. Hiyo 66 mpaka 181 iliyochapishwa pembeni ndo ya kutazama, kwa sababu hicho ni kiwango cha binadamu. Mashine haijui kama damu ni ya paka wala ya nani, inalinganisha na kile ilichopangiwa. Damu ya paka kwa kawaida ina thairoksini kidogo sana kuliko ya mtu. Paka mzima anakuwa kati ya 10 na 60 hivi, inategemea mashine, na wazee wengi wenye afya wanakaa upande wa chini wa kiwango hicho, ishirini na kitu. Kwa hiyo 112 ya Chausiku inakaribia mara mbili ya kikomo cha juu. Ukiona sehemu nyingine wanaandika kwa µg/dL usichanganyikiwe, gawa hiyo nmol/L kwa 12.87, utapata 8.7, na kikomo cha paka kwa kipimo hicho ni 4.7 hivi. Mume wako kasoma karatasi vizuri tu, ila kasoma kiwango cha binadamu.

Swali la haki ambalo angeweza kuuliza ni hili, je mashine ya watu inaweza kupima paka? Kwa T4 ya jumla inaweza kwa kiasi kikubwa, kwa sababu thairoksini yenyewe ni ile ile kwa mtu na kwa paka. Kasoro yake ni kwamba namba inaweza kupungua au kuzidi kidogo tofauti na mashine iliyohakikiwa kwa paka. Ingekuwa kapata 50 au 58 ningekwambia tusikimbilie, turudie baada ya wiki chache, kwa sababu kuna paka wagonjwa kabisa wa tezi ambao T4 inakaa ndani ya kiwango. Wengine ugonjwa ndo unaanza na homoni inapanda inashuka, wengine wana ugonjwa mwingine kama wa figo unaoivuta namba chini. Hapo ndo daktari anaomba na kipimo cha T4 huru, ile isiyoshikamana na protini za damu, na hicho nacho hakisomwi peke yake maana kinaweza kupanda kwa paka anayeumwa kitu kingine kabisa. Lakini 112, kwa paka wa miaka 13, anayekula sana na kukonda, mwenye kivimbe shingoni na moyo unaokimbia, haihitaji ubishi mrefu. Kitu kimoja tu, mtu wa maabara akikushawishi uongeze kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiagiza tezi, kwenye mashine hiyo hiyo, iache hela yako, TSH ya paka si sawa na ya mtu na kipimo cha binadamu hakikuambii kitu cha kutegemea.

Sasa mama. Mama hajaongea upuuzi hata kidogo, na yeye kayaona kwa macho. Huku kwetu magharibi rovu lilikuwa la kawaida kwa wazee, na sababu ilikuwa chakula kukosa madini joto. Tezi ikikosa madini joto inashindwa kutengeneza homoni, ubongo unaisukuma ifanye kazi zaidi, nayo inavimba kwa kusukumwa. Ndo maana chumvi ilipoanza kuwekwa madini joto viwandani mambo yakabadilika. Uvimbe wa Chausiku umetoka mlango mwingine. Kwa paka mzee chembe za tezi zenyewe zinaota na kuongezeka, karibu mara zote si kansa, kansa ni kama wawili watatu kwenye paka mia, lakini zinatengeneza homoni bila kuagizwa na mtu. Ubongo unanyamaza kabisa kuiagiza tezi na yenyewe inaendelea. Kumwongezea madini joto hapo ni kuongeza kuni kwenye moto ambao tayari umeshika paa. Alafu chumvi nyingi kwa paka ambaye moyo na labda presha vimeshaelemewa si kitu cha kujaribu. Na mtu akikuletea ile dawa ya maji ya madini joto ya kahawia akasema mdondoshee matone, ni kweli madini joto mengi kwa ghafla yanaweza kuzima tezi kwa muda mfupi, lakini baada ya wiki kama mbili inazoea na kuendelea, kwa hiyo haiwezi kuwa matibabu.

Tuingie kwenye njia zenyewe. Naomba kwanza tukae kwenye figo kidogo, maana ndo zinazofanya njia hizi zisilingane, na kwenye barua yako umeipita haraka ("kreatinini 95, kawaida pia").

Homoni ikizidi moyo unasukuma damu nyingi, na figo nazo zinapitishiwa damu nyingi kuliko kawaida, zinachuja kwa nguvu ambayo si yao. Pia kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huichuja, inatokana na misuli, na Chausiku kapoteza zaidi ya kilo ya mwili wake, misuli kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo hiyo 95 inaweza kuwa figo nzuri kweli, na inaweza kuwa figo mbovu za kizee ambazo homoni imezificha. Leo hakuna anayeweza kukuhakikishia ni ipi. Ukishusha homoni, pazia linafunguka, kreatinini inabaki pale pale au inapanda. Ikipanda watu wanalaumu dawa eti imeharibu figo, wakati mara nyingi ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo. Kumpima mkojo kabla ya kuanza, kuona kama figo bado zinaweza kuukoleza, ni kipimo rahisi na kinapunguza kubahatisha, muulize daktari wako kama alikifanya. Akimpima na presha itakuwa vizuri, paka mwenye presha kubwa anaweza kupofuka ghafla.

Ndo hapo vidonge vinapopata nafasi yao. Kabimazoli haiponyeshi, tuelewane. Inazuia tezi kutengeneza homoni siku ile unayompa, ile nyama iliyoota inabaki na inaendelea kukua taratibu, na ukiacha dawa ndani ya siku chache homoni imerudi juu. Huo ni udhaifu wake, lakini kwa paka ambaye figo zake hatuzijui ndo faida yake pia, kwa sababu ikionekana figo zinalalamika unapunguza dozi na mambo yanarudi, na kisu huwezi kukirudisha. Madaktari wengi hata kama nia ni upasuaji wanaanza na vidonge wiki kadhaa kwanza, kuona paka huyu akiwa na homoni ya kawaida anakuwaje, na moyo utulie kabla ya nusu kaputi.

Dozi atakupa daktari wako aliyemshika, mimi sitaiandika kwa paka nisiyemuona, ila kuna mtego mmoja wa duka la dawa nakuomba uukariri. Kuna kabimazoli na kuna methimazoli, ni ndugu, kwani kabimazoli ikiingia mwilini inageuka kuwa methimazoli. Lakini hazilingani kidonge kwa kidonge. Miligramu 5 za kabimazoli ni sawa na kama miligramu 3 za methimazoli. Siku kabimazoli imeisha dukani na muuzaji kwa roho nzuri akakupa methimazoli ya 5 akasema ni ile ile, utakuwa umempandishia dozi zaidi ya mara moja na nusu bila kujua, kwa paka wa kilo 2.8. Jina likibadilika kwenye pakiti, piga simu kwanza.

Wiki ya pili mpaka ya tatu baada ya kuanza anapimwa tena, T4, kreatinini na chembechembe za damu, na apimwe maabara ile ile, kwa sababu mashine mbili zinaweza kukupa namba mbili kwa damu moja ukadhani dawa imefanya kazi au imegoma. Namba tunayoitaka ni ile nusu ya chini ya kiwango cha paka, tuseme kati ya 15 na 30. Hapa sasa mwambie mume wako mapema: siku Chausiku akipata 24, ambayo ni nzuri sana, karatasi ya maabara ya watu itaandika "chini" labda na kimshale chekundu, maana kwao kikomo ni 66. Karatasi itakuwa inasema mgonjwa siku atakayokuwa mzima. Ikishuka mpaka chini ya 10 ndo dozi imezidi, na hilo lisiachwe, kwa sababu homoni ikipungua mno nayo inaumiza figo. Dozi ikishatulia atapimwa kila baada ya miezi mitatu mpaka sita, na hiyo ni gharama ya maisha, iwekeni kwenye hesabu.

Madhara yake mengi yanajitokeza miezi mitatu ya mwanzo. Kutapika na kukataa chakula ndo ya kawaida zaidi na mara nyingi yanaisha dozi ikipunguzwa. Ila ukiona anajikuna uso na shingo mpaka anatoa vidonda, au fizi na masikio kwa ndani vimekuwa vya njano, au anatoka damu puani, au kazubaa tu ana homa, acha dawa siku hiyo hiyo umpeleke. Ni wachache wanaofika huko, ila wapo.

Na wewe mwenye mimba. Kabimazoli inavuka kwenda kwa mtoto tumboni, kwa hiyo usivunje vidonge, usivisage, na ikiwezekana asiwe wewe unayempa. Ikibidi vaa glovu za mkononi, unawe, na mchanga wake wa haja abadilishe mwingine, maana sehemu ya dawa inatoka kwenye mkojo. Daktari akipanga dozi ya nusu kidonge, mweleze hali yako, atafute namna nyingine au mume avunje yeye nje ya nyumba. Nasema mume kwa makusudi. Njia ya vidonge ni asubuhi na jioni kila siku, ikimtegemea mtu mmoja tu ambaye miezi mitano ijayo atakuwa na mtoto mchanga mkononi, itakatika. Kabla hujakubali vidonge muulize waziwazi kama yuko tayari kumpa huyo paka kidonge kwenye kipande cha samaki, na jibu lake lihesabu kama sehemu ya uamuzi.

Umeniuliza habari za mama na kaka kana kwamba wanasema kitu kimoja. Yale ni madini joto kweli, lakini ya kaka yako yana mionzi, yanaitwa iodini 131. Tezi inayapenda madini joto, inayavuta yenyewe kutoka kwenye damu, na yakishaingia mionzi inaua chembe zilizozunguka kwa umbali wa kama milimita moja au mbili tu. Sehemu ya tezi iliyo nzima wakati huo imelala, haiagizwi, kwa hiyo haivuti sana na nyingi inapona. Sindano moja chini ya ngozi, hakuna nusu kaputi, zaidi ya paka tisa kwa kumi wanapona moja kwa moja. Kaka yako hajakudanganya, kwa mengi ndo njia nzuri kuliko zote. Lakini nguvu ya hiyo iodini inapungua nusu kila siku 8, kwa hiyo paka anafungiwa wodi maalum ya wanyama yenye kibali cha mionzi siku kadhaa mpaka wiki kadhaa kutegemea sheria za nchi, mkojo na kinyesi chake vinatunzwa kwa utaratibu, na akirudi nyumbani mama mjamzito anakaa naye mbali kwa muda. Hospitali ya watu kama Ocean Road pale Dar inawapa binadamu iodini hiyo, hiyo haina maana inapokea paka. Kwa uhalisia wa Ujiji hii ni njia ya kumvusha mipaka paka dhaifu mwenye moyo unaokimbia, na vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa, na hela ambayo mnaijua nyie. Na ikishaingia haitoki, kama figo zilikuwa zimejificha utazikuta huko mbele. Sikukatazi, ila usiache kuchagua njia za hapa kwa kusubiri hii.

Upasuaji wa Morogoro uko kati kati. Mnyama anaweza kupona kabisa, na pale chuo cha Sokoine wana hospitali ya kufundishia ya wanyama, kwa hiyo daktari wako hajakutajia hewa. Cha kuuliza kabla ya kupanda treni ni kwanza, ni upande mmoja umevimba au zote mbili? Paka saba kati ya kumi ugonjwa uko pande zote, hata kama mkono unahisi kivimbe kimoja. Wakitoa upande mmoja tu, wa pili unaweza kuamka baadaye mkaanza upya. Wakitoa zote kuna tezi ndogo ndogo zimebandikana pale, ndogo kama punje, ndo zinazolinda kalsiamu ya damu. Zikiumia au zikitolewa kwa bahati mbaya kalsiamu inashuka kati ya siku ya kwanza na ya tano: masikio na midomo inaanza kuchezacheza, anajisugua uso, anatembea amekakamaa, alafu degedege. Inatibika kwa kalsiamu ya sindano kama mtu yupo karibu. Ndani ya behewa katikati ya Malagarasi na Tabora hayupo. Kwa hiyo hesabu ya Morogoro si nauli na kisu tu, ni na sehemu ya kulala siku hizo tano mpaka wiki, na nani anaenda, maana wewe na tumbo hilo kwenye reli ya kati siku nzima na zaidi, kwenda na kurudi, mimi kama baba ningeguna kidogo. Muulize pia anayepasua amefanya tezi za paka mara ngapi, ni swali la kawaida, daktari mzuri hachukii.

Kuna ya nne hujaitaja, chakula maalum kilichopunguzwa madini joto kiwandani mpaka tezi inakosa malighafi. Kinafanya kazi kwa paka wengi, T4 inashuka ndani ya wiki chache mpaka miezi miwili hivi, ingawa ikianza juu sana wakati mwingine haifiki chini. Sharti lake ni kwamba ale hicho tu, maisha yake yote, hata dagaa mmoja asiguse. Samaki wa ziwa wana madini joto kidogo kuliko wa baharini lakini wanayo, na makombo ya mboga yaliyopikwa kwa chumvi ya dukani yanayo. Kwa paka wa Ujiji anayetoka nje na kukuta dagaa wameanikwa kila mahali, unamfungia ndani au huna chakula maalum. Na kinaagizwa kutoka nje, siku mzigo ukichelewa homoni inarudi. Kutengeneza mwenyewe kwa kuondoa chumvi tu haitoshi, nyama na samaki vyenyewe vina kiasi chake ambacho jikoni huwezi kukipima.

Na kutofanya kitu, maana hiyo nayo ni njia na ndo mume wako anaipendekeza bila kuitaja. Sitakulaumu mkifika hapo, hela za kujifungua ni hela za kujifungua. Ila mjue mnachochagua: hatakaa hivi alivyo. Ataendelea kupoteza misuli, moyo unanenepa kuta mpaka unashindwa, na anayelia usiku hatulii. Wengine hufika mahali nao wanaacha kula, na hapo ndo watu wanamleta, tumeshachelewa. Kama ndo mtakakoelekea basi ongea na daktari mapema kuhusu lini itakuwa inatosha asiteseke, isiwe uamuzi wa usiku wa manane.

Ningekuwa nakaa nanyi sebuleni ningeweka karatasi mezani, niandike kiwango cha paka kwa peni pembeni ya kile cha watu, alafu nimuache mume wako aiangalie mwenyewe bila maneno. Baadaye ndo mgeuze mazungumzo kutoka "anaumwa au haumwi" kwenda "tunaweza kubeba nini kwa mwaka mmoja": vidonge kila siku na vipimo, au gharama moja kubwa yenye safari. Na kumbuka kuanza vidonge kwa wiki tatu hakukufungii mlango wa upasuaji, kinyume chake hapana. Hiyo haina maana lazima uvianze, ina maana tu si lazima uamue yote leo.

Mkianza chochote, mpime uzito kila wiki kwa mizani ile ile, na ukipata majibu ya T4 na kreatinini ya pili nitumie zote mbili pamoja na hizi za kwanza, nikuambie ninavyoziona.